Daftari la Likizo: Salio Lisilo na Tarehe Halijakamilika

Chama cha msingi kinaponunua korosho huandika kila kilo inayopita juu ya mizani, na mkulima hupewa stakabadhi yake kabla hajaondoka. Watumishi wa chama hicho hicho, yaani meneja, mhasibu, mtunza ghala na mlinzi, nao wana mali yao inayokusanyika mwezi hata mwezi, nayo ni siku zao za likizo ya mwaka. Mali hiyo isipoandikwa hupotea, na sheria imeiwekea siku ambayo, ikishapita, haidaiwi tena. Kwa sababu hiyo daftari la likizo lenye idadi ya siku tu halitoshi. Kila salio lazima liwe na tarehe yake ya mwisho pembeni.

Makala haya yanaeleza jinsi daftari hilo linavyoandikwa katika chama cha wilaya za Newala na Masasi, ambako msimu wa korosho ndio unaoamua nani aweza kuondoka kazini na lini.

SHERIA INASEMAJE

Msingi wa hesabu yote ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Kwa sheria hiyo mtumishi ana haki ya siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa likizo. Mambo mawili katika maneno hayo hukosewa mara kwa mara.

La kwanza ni neno "mfululizo". Siku 28 ni siku za kalenda. Jumapili zimo, na sikukuu za taifa zimo pia. Mtumishi anayeanza likizo tarehe 1 Julai huimaliza tarehe 28 Julai, wala Saba Saba iliyoangukia katikati haimwongezei siku ya 29. Chama kinachohesabu siku za kazi peke yake katika safu moja na siku za kalenda katika safu nyingine hakitapata salio la kweli kamwe. Daftari lote na liandikwe kwa siku za kalenda.

La pili ni neno "mzunguko". Mzunguko wa likizo ni miezi 12 inayoanza siku mtumishi alipoajiriwa. Hauanzi Januari, wala haufuati mwaka wa hesabu za chama. Watumishi wanne walioajiriwa katika miezi minne tofauti wana mizunguko minne tofauti, na kila mmoja ana siku yake ya mwisho.

Mwajiri ndiye anayepanga likizo ichukuliwe lini, lakini uhuru wake una mpaka. Likizo ya mzunguko uliokwisha lazima ichukuliwe kabla ya kupita miezi 6 tangu mzunguko huo ulipofungwa. Muda huo waweza kurefushwa hadi miezi 12 kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: mtumishi mwenyewe awe ameridhia, na mahitaji ya kazi yawe yanadai hivyo. Sharti moja bila ya jingine halitoshi.

Uzito wa mpaka huu huonekana mtumishi anapoacha kazi. Kwa kawaida hulipwa fedha za siku za likizo alizokwisha kuzipata bila kuzitumia. Lakini sheria inasema kwamba siku ambazo hazikuchukuliwa ndani ya muda uliotajwa hapo juu hazilipwi. Mtunza ghala aliyeahirishiwa likizo kila msimu kwa maneno ya mdomo aweza kuamini kwamba ana akiba ya siku 80, kumbe nyingi kati ya hizo zimekwisha kufa zamani. Naye mwajiri aliyemzuia hana la kujivunia, kwa sababu ni yeye aliyepewa wajibu wa kuhakikisha kwamba likizo inachukuliwa kwa wakati. Madai ya namna hiyo ndiyo yanayofikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapo kinachotafutwa kwanza ni maandishi.

MSIMU WA KOROSHO NA TAREHE ZA MWISHO

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini yake upande wa magharibi, lakini kalenda ya kazi katika vyama vya wilaya zote mbili ni moja. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho za Mtwara katika msimu wa 2007/2008, chama cha msingi hupokea korosho za wanachama, huzipima na kuzisafirisha hadi ghala kuu, na huko huuzwa kwa mnada. Minada kwa kawaida huanza Oktoba na huendelea hadi Desemba au Januari. Katika miezi hiyo hakuna chama kinachoweza kumkosa mtunza ghala wala mhasibu. Kuanzia Mei kuna kazi nyingine, ya kugawa salfa na viuatilifu vingine kwa wakulima. Miezi yenye nafasi zaidi ni Februari, Machi na Aprili.

Tuseme chama kina watumishi wanne walioajiriwa katika tarehe zifuatazo:

| Mtumishi | Aliajiriwa | Mzunguko hufungwa | Siku ya mwisho ya kuchukua likizo |
|---|---|---|---|
| Meneja | 1 Januari | 31 Desemba | 30 Juni |
| Mhasibu | 1 Aprili | 31 Machi | 30 Septemba |
| Mtunza ghala | 1 Julai | 30 Juni | 31 Desemba |
| Mlinzi | 1 Oktoba | 30 Septemba | 31 Machi |

Meneja hana shida, kwa sababu muda wake wote wa miezi 6 huanguka baada ya msimu au mwishoni mwake. Mhasibu ana nafasi kati ya Aprili na Septemba, ila asicheleweshwe, maana siku yake ya mwisho inakutana na mlango wa msimu. Mlinzi anaonekana kuwa na miezi 6 kamili, lakini minne ya kwanza imo ndani ya msimu, hivyo kilichobaki ni Februari na Machi tu. Mwenye hatari kubwa ni mtunza ghala. Siku yake ya mwisho iko katikati ya minada. Asipoondoka kati ya Julai na Septemba, hakuna njia nyingine ila kurefusha muda kwa ridhaa yake.

Jedwali kama hili lina mistari michache tu, na kila chama kinaweza kulitayarisha kwa saa moja kwa kutumia barua za ajira. Likibandikwa ukutani katika ofisi ya meneja, bodi itaona mapema ni nani anayepaswa kuondoka kabla ya Oktoba.

HESABU YA KILA MWEZI

Siku 28 zikigawanywa kwa miezi 12 hutoa siku 2 na theluthi moja kwa mwezi. Hapa ndipo makarani wengi hujikwaa. Anayeandika siku 2 kwa mwezi humpa mtumishi siku 24 kwa mwaka na kumnyima 4. Anayeandika 2.3 humpa siku 27.6. Hata anayeandika 2.33 hufikia 27.96, na mwisho wa mwaka hubaki akijiuliza sehemu iliyopungua imekwenda wapi.

Njia rahisi ni kukumbuka kwamba miezi 3 hutoa siku 7 kamili. Baada ya miezi 3 ni 7, baada ya 6 ni 14, baada ya 9 ni 21, na baada ya 12 ni 28. Katikati huandikwa theluthi: mwezi wa kwanza 2 1/3, wa pili 4 2/3, na wa tatu 7. Karani akifika mwezi wa tatu na asipate namba kamili, ajue amekosea na arudi nyuma mara moja.

Mtumishi mpya huanza kuhesabiwa tangu siku ya kwanza, ila haki ya likizo yenye malipo huja baada ya kutimiza miezi 6 ya utumishi. Kwa hiyo siku zake huandikwa kila mwezi kama za wengine, na juu ya ukurasa wake huandikwa tarehe ambayo atakuwa ametimiza miezi hiyo.

Zipo siku zinazopunguza salio na zipo zisizolipunguza. Ruhusa ya muda mfupi yenye malipo, aliyoiomba mtumishi mwenyewe na akapewa, yaweza kutolewa katika siku 28. Lakini likizo ya ugonjwa, likizo ya uzazi na siku za kuuguza au kuzika mtoto ni haki nyingine kabisa, na mwajiri haruhusiwi kuzihesabu kuwa likizo ya mwaka. Hizo ziandikwe katika ukurasa wa peke yake ili zisichanganywe.

HALI YA OMBI

Ombi la likizo hupita hatua kadhaa, na kila hatua ina maana yake katika hesabu. Daftari liwe na safu ya hali ya ombi, na humo liandikwe mojawapo ya maneno haya tu: limeombwa, limeidhinishwa, limekataliwa, limeahirishwa, au limekamilika. Anayeidhinisha atie saini na tarehe. Ombi la mtumishi wa kawaida huidhinishwa na meneja, na la meneja huidhinishwa na mwenyekiti wa bodi. Asiwepo anayejiidhinishia mwenyewe.

Kosa linaloharibu madaftari mengi ni la kutoa siku kwa wakati usiofaa. Karani hutoa siku pale likizo inapoidhinishwa, kisha mtumishi anaporudi kazini huzitoa mara ya pili. Au likizo huidhinishwa na kutolewa, halafu huahirishwa kwa sababu lori la korosho limefika, na hakuna anayekumbuka kuzirudisha siku zile. Dawa yake ni kuwa na salio la aina mbili. Salio la daftari hupungua pale tu mtumishi anaporudi na kutia saini, yaani ombi likiwa limekamilika. Salio huru ni salio la daftari ukiondoa siku zilizoidhinishwa ambazo bado hazijachukuliwa. Salio huru huandikwa kwa penseli, kwa sababu hubadilika, na salio la daftari huandikwa kwa wino. Mtumishi anayeomba siku zaidi hupimwa kwa salio huru.

Ombi likikataliwa, sababu yake iandikwe, pamoja na tarehe nyingine inayopendekezwa. Ombi likiahirishwa kupita miezi 6, ridhaa ya mtumishi iwekwe kwa maandishi na sahihi yake, na karatasi hiyo ihifadhiwe ndani ya jalada lake. Bila ya karatasi hiyo, siku za mwisho katika daftari hazibadiliki.

MFANO WA MTUNZA GHALA

Turudi kwa mtunza ghala wa jedwali la juu. Mzunguko wake wa pili ulianza tarehe 1 Julai 2023 na ukafungwa tarehe 30 Juni 2024. Mwezi Machi 2024 aliomba ruhusa ya siku 5 yenye malipo kwa shughuli ya kifamilia, akapewa. Kwa hiyo mzunguko ulifungwa akiwa na siku 28 kutoa 5, yaani 23, na siku ya mwisho ya kuzichukua ilikuwa 31 Desemba 2024. Tangu 1 Julai 2024 ukurasa mpya ulifunguliwa kwa mzunguko wa tatu.

Julai na Agosti alikuwa akigawa salfa. Tarehe 7 Oktoba aliomba kuondoka tarehe 14 ya mwezi huo. Meneja alikataa, kwa kuwa korosho zilikuwa zikipokelewa kila siku. Walikaa wakakubaliana: mtunza ghala aliridhia kwa maandishi likizo yake isogezwe hadi baada ya minada, na sababu ya kazi ikaandikwa katika barua hiyo hiyo. Siku ya mwisho ikawa 30 Juni 2025. Baadaye aliidhinishiwa siku 23 kuanzia Jumatatu tarehe 3 Februari 2025. Ya mwisho ilikuwa Jumanne tarehe 25 Februari, na Jumatano tarehe 26 alirudi kazini. Mshahara wa siku hizo alilipwa kabla ya kuondoka, kama sheria inavyotaka.

Daftari lake lilisomeka hivi:

| Tarehe | Maelezo | Hali | Salio la mzunguko wa 2023/24 | Salio la mzunguko wa 2024/25 |
|---|---|---|---|---|
| 30 Juni 2024 | Mzunguko umefungwa | | 23 | 0 |
| 30 Septemba 2024 | Miezi 3 | | 23 | 7 |
| 7 Oktoba 2024 | Ombi la siku 23 | Limeahirishwa kwa ridhaa | 23 | 7 |
| 31 Desemba 2024 | Miezi 6 | | 23 | 14 |
| 13 Januari 2025 | Ombi la siku 23 | Limeidhinishwa | 23 (huru 0) | 14 |
| 31 Januari 2025 | Miezi 7 | | 23 | 16 1/3 |
| 26 Februari 2025 | Amerudi kazini | Limekamilika | 0 | 16 1/3 |
| 28 Februari 2025 | Miezi 8 | | 0 | 18 2/3 |

Yafaa kutazama mstari wa 31 Januari. Daftari lenye safu moja tu ya salio lingeonyesha siku 39 1/3, na bodi ingeona mtumishi mwenye siku nyingi. Lisingeonyesha kwamba 23 kati ya hizo zilikuwa na miezi mitano tu ya kuishi. Vilevile, kama karani angezitoa siku 23 za Februari katika mzunguko mpya, siku za zamani zingebaki kwenye karatasi hadi 30 Juni 2025, kisha zikafutika bila mtu kuzitumia. Kanuni ni kwamba siku za zamani hutangulia kutoka, kama gunia lililotangulia kuingia ghalani.

Kama mtunza ghala asingeridhia, chama kingelazimika kumwachia aondoke kabla ya 31 Desemba na kutafuta wa kushika nafasi yake. Marekebisho ya baadaye ya sheria hiyo yaliruhusu pia mtumishi, kwa ridhaa yake, afanye kazi wakati wa likizo na kulipwa mshahara wa mwezi mmoja badala yake, mradi asikae miaka 2 mfululizo bila kwenda likizo. Chama kikitumia njia hiyo, malipo yaandikwe katika ukurasa wa mzunguko unaohusika pamoja na namba ya hati ya malipo, na salio la mzunguko huo lifungwe. Mwaka unaofuata njia hiyo haipo tena.

WATUMISHI WA MSIMU

Wapima mizani na wapakizi walioajiriwa Oktoba hadi Januari hufanya kazi miezi 4, hivyo hawafikii miezi 6. Lakini wengine huitwa tena na chama kile kile kugawa salfa. Mpima mizani aliyefanya kazi Oktoba hadi Januari, kisha Mei hadi Julai, ametimiza miezi 7 ndani ya mwaka mmoja. Sheria inazijumlisha vipindi hivyo, na jumla ikizidi miezi 6 anastahili likizo yenye malipo. Kazi yake ya msimu inapokwisha hulipwa mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya kazi.

Ikiwa alifanya kazi siku 26 kila mwezi, miezi 7 ni siku 182. Zikigawanywa kwa 13 ni siku 14. Akiwa na mshahara wa msingi wa shilingi 15,000 kwa siku, chama kinamdai yeye hakina, ila kinadaiwa naye shilingi 210,000. Kiwango hicho hicho cha 1 kwa 13 hutumika kwa mtumishi wa kudumu anayeacha kazi katikati ya mzunguko.

Kiwango hiki hakipingani na siku 28. Mtumishi anayefanya kazi siku 6 kwa wiki hufanya siku 312 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa 13 ni 24, nazo siku 28 za kalenda zina Jumapili 4 na siku za kazi 24. Hesabu ni ile ile, ila moja ni ya mapumziko na nyingine ni ya fedha. Karani asizichanganye kwa kulipa siku 28 za mshahara wa siku.

KUKAGUA MWISHO WA MWEZI

Ukaguzi wa kila mwezi hauhitaji zaidi ya maswali matatu. Kwanza, je, salio la mwezi uliopita, pamoja na siku zilizopatikana, ukitoa zilizochukuliwa, linalingana na salio la leo? Pili, je, kuna ukurasa wenye salio ambao siku yake ya mwisho iko ndani ya miezi 3 ijayo? Ukurasa huo upelekwe mbele ya bodi mwezi huo huo. Tatu, je, kuna ombi lililoidhinishwa ambalo tarehe yake ya kurudi imepita na halijaandikwa kuwa limekamilika? Hilo lilinganishwe na daftari la mahudhurio, kwa kuwa ama mtumishi hajarudi, au alirudi na siku zake hazijatolewa, au hakuondoka kabisa.

Chama chenye kompyuta chaweza kuweka daftari hili katika jedwali la hesabu. Tarehe ya kuanza mzunguko ikiwa katika B2 na tarehe ya hesabu ikiwa katika C2, siku zilizopatikana hutolewa na maneno haya:

```
=ROUND(DATEDIF(B2,C2+1,"m")*28/12,2)
```

Hapa 28/12 huachwa kama ilivyo. Anayeiandika 2.33 amerudisha kosa lile lile la kalamu ndani ya mashine. Namba 1 inayoongezwa kwa C2 hufanya siku ya mwisho wa mwezi ihesabiwe, ili tarehe 30 Septemba itoe miezi 3 kwa mzunguko ulioanza 1 Julai. Ridhaa ya mtumishi, hata hivyo, haikai katika kompyuta. Barua yenye sahihi yake ibaki katika jalada lake, na namba ya jalada iandikwe mbele ya tarehe iliyosogezwa.

Kila mtumishi aonyeshwe ukurasa wake angalau mara moja kwa robo ya mwaka, siku zinapotimia 7, 14, 21 na 28, na atie saini kuwa ameuona. Bodi zinazokutana kabla ya Oktoba ziorodheshe kwanza watumishi ambao siku zao za mwisho zinaangukia kati ya Oktoba na Januari, na kwa kila mmoja ziamue mojawapo ya mambo mawili: aondoke sasa, au aandike ridhaa yake.